Alama ya TBS ilikuwa kwenye mabati ya juu tu

Juzi kijana wangu mmoja kanitumia picha akiwa duka la vifaa vya ujenzi: rundo la mabati ya msauzi ya bluu yanang'aa, na chini ameandika, "Mkuu, geji 30, TBS ipo, nilipie?" Nikacheka, halafu nikakasirika, kwa sababu rundo kama hilo niliwahi kuliamini mwenyewe na likanila hela. Wadogo zangu mnaoanza kusimamia ujenzi, someni kabla hamjatoa hela ya mteja.

1. Geji si kipimo mpaka uambiwe milimita. Kwa jedwali la Kiingereza la SWG, geji 30 ni kama milimita 0.315. Kwa jedwali la Kimarekani la mabati, geji 30 hiyohiyo ni karibu 0.4. Muuzaji naye ana jedwali lake la tatu, lipo moyoni mwake. Kwa hiyo kwenye profoma andikeni unene kwa milimita, na muulize kama ni unene wa chuma peke yake au pamoja na rangi.

2. Alama isomwe kwenye kila bati, si kwenye rundo. Hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, mteja mwalimu mstaafu, hela za kiinua mgongo. Nikaenda dukani na mikromita mfukoni, najiona mhandisi. Bati la juu lilikuwa na chapa ya kiwanda, alama ya TBS, na mikromita ikasoma 0.31. Safi. Nikalipia bati 64 za mita tatu, nikawaambia wapakie, nikaenda kunywa chai. Chai ile ndiyo ghali kuliko zote nilizowahi kunywa.

Siku ya kupaua, fundi wa juu akaniita: "Bosi, hili bati linabonyea kama sufuria ya alumini." Nikamwambia akanyage juu ya papi, aache uzembe. Akashuka nalo. Nikaligeuza: hakuna chapa, hakuna alama, hakuna maandishi yoyote. Tukahesabu, yenye chapa yalikuwa tisa tu, yote ya juu ya rundo.

Mzee mmoja fundi paa akanifundisha mzani palepale. Lalisha kamba kufuata migongo na mabonde kutoka ukingo hadi ukingo, utapata upana wa bati kabla halijakunjwa. Letu lilikuwa mita 0.9. Zidisha kwa urefu wa mita 3, ni mita za mraba 2.7. Chuma cha milimita moja kwa mita ya mraba ni kilo 7.85, kwa hiyo bati la 0.30 lilipaswa kufika kilo 6.4 hivi, na mabati kumi yangekaribia kilo 64. Tukapima kumi yasiyo na chapa: kilo 46. Hata ukihesabu rangi yote kuwa chuma, hiyo ni kama 0.22. Dukani wakaniambia niliondoka nimeridhika, na kweli risiti iliandikwa "bati G30" basi, bila kiwanda wala milimita. Mabati 55 niliyafidia mimi, kwa awamu, huku mwalimu akinisalimia kwa upole ulioniuma kuliko matusi.

3. Simenti. Soma daraja kwenye mfuko, mfano CEM II 42.5N au 32.5R, si rangi ya mfuko wala picha ya mnyama. Namba ni nguvu ya chini baada ya siku 28, kwa N/mm², ya mchanganyiko wa maabara wa simenti moja kwa mchanga mitatu. Zege lako halitakuwa 42.5 kwa sababu mfuko umesema hivyo, hasa mkimwaga maji kwa ndoo bila kuhesabu! Herufi ni kasi: 42.5R lazima ifike 20 kwa siku mbili, 42.5N inatakiwa 10. Ndiyo maana kijana aliyefumua mbao za slebu kwa ratiba ya mradi uliopita, wakati simenti imebadilika kuwa 32.5N, nilimrudishia mirunda mwenyewe huku nikimsema. Kwa plasta na kujenga tofali, 32.5 inatosha kabisa, msimpotezee mteja hela.

4. Tarehe ya kufungasha: ikipita miezi mitatu, acha. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, acha hata kama ni ya jana.

Sasa wewe uliyenitumia picha, ombi langu ni dogo. Vuta bati la kumi kutoka juu na jingine la chini kabisa, soma alama, pima pande zote mbili mbali na ukingo, upime na uzito. Chai utakunywa gari likishapakiwa mbele ya macho yako.