Jibu: Mraba wenye eneo sawa na mstatili

> Nina mstatili wa sm 9 kwa sm 4. Nachoraje mraba wenye eneo lilelile kwa bikari na rula isiyo na vipimo? Nimejumlisha pande nikagawa kwa 2, mraba unatoka mkubwa.

Ulichopata, 6.5, kinalinda mzingo, si eneo: 6.5 × 6.5 ni 42.25, nawe unataka 36. Lakini usiitupe hiyo 6.5, maana ndiyo nusukipenyo utakayohitaji.

Refusha upande mrefu AB kupita B. Chukua upande mfupi kwa bikari, uuhamishie kwenye mstari huo kuanzia B hadi C, ili AC iwe 13. Igawe AC katikati kwa matao mawili yanayokatana juu na chini, upate M. Ukiwa na M kama kitovu, chora nusuduara kutoka A hadi C. Sasa simamisha mstari wa pembe mraba pale B (wengi hukosea hapa, wakausimamisha M) mpaka ukate nusuduara kwenye D. BD ndiyo upande wa mraba wako.

Kwa nini? Pembe ADC imo ndani ya nusuduara, kwa hiyo ni nyuzi 90. Basi pembetatu ABD na DBC zina pembe sawa, na AB/BD = BD/BC. Yaani BD × BD = 9 × 4, BD = 6.

Hakiki kwa Pithagorasi: MB ni 2.5, MD ni 6.5, na 42.25 − 6.25 = 36. BD ikikutokea 6.5, mstari wako umesimama M.