Alama ngapi zinatosha kwenye mtihani, kama gredi zinapangwa kwa wastani wa darasa?

Mwanafunzi anayepewa gredi kwa kulinganishwa na wenzake akiuliza "nipate ngapi ili niwe na A?" hawezi kupewa namba moja akaondoka nayo. Mstari wa A bado haujachorwa. Utachorwa karatasi zote zikishasahihishwa, na mahali utakapopita patategemea darasa zima limefanyaje. Hata hivyo, kuna kitu anachoweza kukijua mapema, tena kwa uhakika wa kutosha: umbali anaotakiwa kuwa nao juu ya wastani wa mtihani.

Nilisoma chini ya utaratibu huu, kisha nikawa msaidizi wa mhadhiri, na kila muhula ulipokaribia kuisha wanafunzi walikuja na swali hilohilo. Nitaeleza hesabu niliyokuwa nikiwafanyia kupitia kisa cha binti mmoja.

Somo lake lilikuwa na alama 40 za kazi za muhula na alama 60 za mtihani wa mwisho. Zinajumlishwa kupata 100, na A inaanzia kwenye wastani wa jumla ukiongeza SD moja. SD ndiyo kipimo cha mtawanyiko: inaonyesha alama za watu kwa kawaida zimekaa mbali kiasi gani na wastani. Kazi za muhula zilikuwa zimeshatangazwa, wastani 27 na SD 4. Yeye alikuwa na 29. Mtihani ulikuwa bado, ila mitihani ya miaka iliyotangulia ilikuwa na wastani wa karibu 33 kati ya 60 na SD ya karibu 9.

"Kaka, mimi nimeshapiga hesabu," aliniambia. "Wastani wa jumla ni 60. SD ni 4 na 9, kwa hiyo 13. A ni 73, nina 29, nahitaji 44."

Wastani aliupata sawasawa, kwa kuwa wastani hujumlishwa hivyohivyo. Mtawanyiko haujumlishwi hivyo. Ili SD ya jumla iwe 13, ingebidi kila mtu darasani awe na nafasi ileile katika kazi za muhula na katika mtihani, aliye juu kule awe juu huku kwa kipimo kilekile. Darasa la namna hiyo sijaliona. Kuna anayefanya vizuri kazi za nyumbani na kuyumba kwenye mtihani, na kuna kinyume chake. Wakipishana hivyo, sehemu ya tofauti zao hufutana, na jumla zao husogeleana kidogo. Kinachopima kupishana huko ni uhusiano wa alama hizo mbili, yaani r, ambao ni 1 wakifuatana kabisa na 0 wasipofuatana hata kidogo. Hesabu yenyewe ni hii:

```
S = sqrt(a^2 + b^2 + 2*r*a*b)
U = k*S - d
```

Hapa a ni SD ya kazi za muhula, b ni SD ya mtihani, na S ni SD ya jumla. Herufi k ni idadi ya SD zinazohitajika kwa gredi unayoitaka, na d ni alama ulizowazidi wenzako katika kazi za muhula. U ndiyo jibu: alama unazotakiwa kuzidi wastani wa mtihani.

Kwa r tulichukua 0.6. Kama una alama za majaribio mawili ya darasa hilo unaweza kuipima mwenyewe, na kama huna, chochote kati ya 0.5 na 0.7 kinafaa kuanzia. Kipeo cha pili cha 4 ni 16, cha 9 ni 81, na kipande cha tatu, yaani 2 mara 0.6 mara 4 mara 9, ni 43.2. Jumla ni 140.2, na kipeuo chake cha pili ni karibu 11.8. Yeye aliwazidi wenzake kwa 2, kwa hiyo alitakiwa kuuzidi wastani wa mtihani kwa 9.8. Wastani ukiwa 33, hiyo ni kama 43.

Mtu anaweza kusema: kutoka 44 hadi 43, kulikuwa na haja gani? Haja ipo, kwa sababu sasa unaweza kuona kipi kinatikisa jibu na kipi hakitikisi. Weka r kuwa 0, jibu linakuwa karibu 41. Weka 1, linakuwa 44. Yaani kile kinachowatia watu wasiwasi, hiyo r wasiyoijua, kinasogeza jibu kwa alama 3 tu kutoka 0 hadi 1. Sasa badilisha wastani. Mtihani ukiwa mgumu na wastani ukashuka hadi 27, anahitaji kama 37. Ukiwa rahisi na wastani ukapanda hadi 39, anahitaji kama 49. Tofauti ni alama 12, ingawa umbali juu ya wastani ni uleule 9.8. Ndiyo maana nasisitiza kwamba lengo liandikwe kama umbali. Aliyejiwekea "lazima nipate 43" atatoka kwenye mtihani mgumu akiwa amekata tamaa kwa 38 aliyojikadiria, kumbe huenda amevuka.

Umbali nao hubadilika mtawanyiko wa mtihani ukibadilika. SD ya mtihani ikiwa 6 badala ya 9, anahitaji kuzidi wastani kwa 7. Ikiwa 12, kwa karibu 12.8. Lakini gawanya kila jibu kwa SD yake: 7 kwa 6 ni 1.17, 9.8 kwa 9 ni 1.09, na 12.8 kwa 12 ni 1.07. Namba hizo hazijaachana sana. Mtihani uwe mgumu au rahisi, uwatawanye watu au uwabane, anachotakiwa ni kuwa juu ya wastani kwa karibu SD 1.1. Alama zikiwa na mpangilio wa kawaida, wengi katikati na wachache pembeni, juu ya hapo hukaa takriban watu 14 katika kila 100. Darasa lake lilikuwa na watu 80, kwa hiyo lengo lake kwa lugha nyepesi lilikuwa kuwa miongoni mwa 11 wa juu katika mtihani. Hilo mwanafunzi anaweza kulipima kabla ya siku yenyewe, kwa kuangalia alikuwa wa ngapi kwenye majaribio ya muhula.

Halafu kuna jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: wanaoacha somo. Wastani wa 27 ulihesabiwa kwa watu 80, lakini gredi hupangwa kwa waliofanya mtihani. Mara nyingi wanaojitoa mwishoni ndio wenye alama za chini. Katika darasa la binti huyu walijitoa 8, na wastani wao ulikuwa karibu 20. Ukiwaondoa, wastani wa kazi za muhula kwa 72 waliobaki unapanda hadi 27.8, na SD inashuka hadi karibu 3.4. Yeye hakupoteza alama hata moja, ila ile 2 aliyowazidi wenzake imekuwa 1.2. Tuliporudia hesabu, umbali ukatoka 9.8 na kuwa karibu 10.2. Si badiliko kubwa, lakini katika somo ambalo robo ya watu hujitoa linaweza kula faida yako yote. Kwa hiyo muulize mhadhiri mapema: walioacha wanahesabiwa? Na sifuri za wasiotokea kwenye mtihani zinaingia? Sifuri chache zikiingia huvuta wastani chini na kuupanua mtawanyiko kwa wakati mmoja, kwa hiyo zinaweza kuushusha mstari wako au kuupandisha, kutegemea k.

Muulize pia kama alama zinajumlishwa kama zilivyo, au kila sehemu hubadilishwa kwanza kuwa umbali wa SD ndipo ipewe uzito. Zinapojumlishwa kama zilivyo, uzito wa kweli hufuata mtawanyiko kuliko namba iliyoandikwa kwenye mpango wa somo. Kazi za muhula zenye alama 40 na SD 4 zinawatenganisha watu kidogo tu ukilinganisha na mtihani wenye SD 9. Ndiyo sababu kuwa juu katika kazi hizo kunasaidia kidogo kuliko watu wanavyotarajia, na kuteleza kidogo hakuui.

Matokeo yalipotoka, wastani wa mtihani ulikuwa 29 na SD 10. Ukiziingiza namba hizo, mstari wake ulipita karibu na 40. Alipata 42, akapata A. Ingekuwa ameng'ang'ania ile 44 ya mwanzo, angeishi wiki zote za kusubiri akiamini ameikosa.

Hesabu hii ina mahali inapogoma. Pa kwanza ni mtihani rahisi kupita kiasi. Tuseme wastani ni 54 kati ya 60 na SD ni 5. Kwa takwimu za mwanzo za darasa hilo, SD ya jumla inakuwa karibu 8.1, na aliyewazidi wenzake kwa 2 anatakiwa kupata kama 60, karatasi nzima bila kosa. Asiyewazidi kwa chochote hawezi kabisa. Alama zikirundikana karibu na dari hivyo, ule mpangilio wa kawaida haupo tena, na ile "14 katika 100" usiitumie. Ukiona mitihani iliyopita ilikuwa hivyo, alama za muhula ndizo za kupigania, maana baadaye hakuna nafasi ya kufidia.

Pa pili ni darasa dogo. Katika darasa la watu 12, alama zako mwenyewe zimo ndani ya wastani: kila 12 unazoongeza zinaupandisha kwa 1, na zinaupanua mtawanyiko pia. Kwa hiyo ongeza alama kadhaa juu ya jibu la hesabu. Na darasa likiwa dogo zaidi, gredi nyingine hazifikiki kabisa. Katika darasa la watu 4 hakuna anayeweza kuwa SD 2 juu ya wastani, hata yeye akipata 100 na wengine wote sifuri: anaishia 1.5 au 1.73, kutegemea SD imehesabiwa kwa kugawa kwa 3 au kwa 4. Ukijikuta kwenye somo kama hilo, na kanuni inasema A ni SD 2, mpelekee mhadhiri hesabu hiyo mwanzoni mwa muhula, kabla gredi hazijaanza kupangwa.