Usiiogope chai ya moto, liogope jagi lililolala kwenye friji

«Wadau, nimeambiwa kwamba chai ya moto inaua kreatini. Nimepanga kuchanganya ya wiki nzima kwenye jagi la maji ya ndimu Jumapili, niweke kwenye friji, niwe nachukua glasi moja kila siku. Kuna ubaya?»

Usifanye hivyo. Kama tayari umekwishalijaza jagi, endelea kusoma kabla hujaligusa, kwa sababu nilijaza jagi kama hilo kila Jumapili kwa wiki 12, hapa Kasarani, na katika wiki hizo nilimwaga kwenye sinki zaidi ya nusu ya kopo la kreatini, ule unga wa kuipa misuli nguvu, nililolinunua kwa pesa zangu. Sinki langu lingekuwa na misuli, leo lingekuwa linashindana jukwaani.

Aliyenipotosha alikuwa muuzaji wa virutubisho, na alinipotosha kwa ushahidi wa macho, ndiyo maana bado namwonea hasira. Alichukua glasi mbili, moja ya maji baridi na nyingine ya maji yaliyotoka kwenye birika, akatia kijiko cha kreatini katika kila moja na kukoroga. Katika maji baridi unga ulizunguka ukatulia chini kama mchanga mweupe. Katika maji ya moto ulitoweka wote, maji yakabaki angavu. Akaniambia, «Umeona, kaka? Hii ya baridi iko hai, na hii ya moto imeshakufa.» Nami, mtu mzima niliyefaulu kemia katika kidato cha nne, nikatikisa kichwa kwa kukubali, nikalipa shilingi 3,600 kwa kopo la gramu 300.

Kile alichonionyesha kilikuwa kuyeyuka, wala hakikuwa kifo cha kitu chochote. Chumvi ikitoweka kwenye mchuzi hatusemi kwamba imekufa. Tunauonja mchuzi na kuikuta. Kreatini haina ladha ya kumsaidia mtu kuigundua, na hapo ndipo uongo ule ulipopata pa kukaa. Kwa hakika glasi mbili zile zilionyesha kinyume kabisa cha maneno yake: ile ya moto ilikuwa na dozi nzima ndani ya kinywaji, na ile ya baridi ilikuwa imeiacha sehemu ya dozi sakafuni.

Kreatini ya kawaida, yaani monohaidreti, huyeyuka kwa shida katika maji baridi. Lita moja ya maji yenye baridi ya friji, nyuzi 4 hivi, hubeba takriban gramu 6 tu. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban gramu 14 kwa lita, na yakifika nyuzi 60 hubeba takriban 45. Sasa fanya hesabu ya kikombe. Kikombe cha mililita 250 cha chai ya nyuzi 60 kinaweza kuyeyusha gramu 11, kwa hiyo dozi ya gramu 5 inaingia mara mbili na nafasi inabaki. Kikombe hichohicho kikiwa cha maji ya bombani ya Nairobi asubuhi kitayeyusha gramu 3 na kidogo, nacho kikitoka kwenye friji kitayeyusha gramu moja na nusu.

Hebu tuliweke jagi langu kwenye hesabu hiyo. Lilikuwa la lita 2. Kila Jumapili nilitia gramu 25, yaani gramu 5 kwa kila siku ya kazi, nikakoroga katika juisi ya pasheni na kulifungia kwenye friji. Kwa baridi ile, lita 2 ziliweza kubeba takriban gramu 12. Gramu 13 zilizobaki zilishuka chini usiku uleule zikatandaza utando mweupe. Asubuhi nilimimina kinywaji changu cha siku kwenye chupa taratibu, bila kulitikisa jagi, kwa sababu chembe zile zilinikwaruza ulimini na nilidhani ni makapi ya pasheni yaliyopita kwenye chujio. Ijumaa jioni niliimwaga tope iliyobaki, nikaliosha jagi, nikajisifu kwa usafi. Kwa hiyo nilikuwa nakunywa gramu 2.4 kwa siku huku nikiandika 5 kwenye daftari la mazoezi. Gramu 13 kwa wiki 12 ni gramu 156, na kwa bei niliyolipa ni kama shilingi 1,870 zilizoteremka kwenye bomba la maji machafu. Nauli yangu ya matatu ya siku kadhaa ilikuwa humo.

Nililigundua kosa hilo kwa bahati. Ijumaa moja maji ya bombani yalikatika, jambo ambalo mkazi yeyote wa huku halimshangazi, nikawa sina cha kuoshea jagi isipokuwa maji ya moto yaliyobaki kwenye birika. Niliyamimina juu ya ule utando, na kabla sijashika sponji ulikuwa umetoweka, maji yakiwa angavu kama ya ile glasi ya pili ya muuzaji. Makapi ya pasheni hayayeyuki katika maji ya moto. Nilikaa chini jikoni palepale, na sitaandika hapa nilichokisema.

Sasa kuhusu joto lenyewe, maana usiseme nimelikwepa. Ni kweli kwamba kreatini ikiwa imeyeyuka huweza kuharibika. Molekuli yake hupoteza maji na kujifunga kuwa duara, ikawa kreatinini, ambayo haifanyi kazi yoyote msulini na ambayo figo huitoa kwenye mkojo kila siku, uwe unatumia unga huu au hutumii. Badiliko hilo huharakishwa na mambo matatu yakishirikiana: joto, uchachu na muda. Watu huyataja mawili ya kwanza na kulisahau la tatu, ilhali la tatu ndilo linaloamua. Chai ya maziwa si chachu, inakaribia kuwa sawa na maji, na inakaa kikombeni dakika 10 au 15 kabla haijaisha. Kumbuka pia kwamba hapa Nairobi, kwa urefu wetu wa mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, na yakishamiminwa kikombeni hushuka upesi. Katika dakika hizo kinachopotea ni kidogo mno, hata mizani yako ya jikoni isingekionyesha. Harris, Söderlund na Hultman, ambao utafiti wao wa mwaka 1992 ndio ulioonyesha kwamba kreatini ya kunywa huongeza kreatini ya msulini, waliwapa watu gramu 5 zilizoyeyushwa katika kinywaji cha moto. Kama kikombe cha moto kingekuwa kinaiua, wasingepata cha kutangaza, na muuzaji wangu asingekuwa na kopo la kuuza.

Uchachu na muda ndio wa kuogopwa, na jagi lako la ndimu limewakaribisha wote wawili. Kreatini iliyoyeyushwa katika kinywaji chenye pH ya 3.5, kikakaa siku 3 kwenye nyuzi 25, hupoteza takriban sehemu moja ya tano yake. Kwenye pH ya 5.5, yaani uchachu ulio mdogo zaidi, kwa siku zilezile na joto lilelile, hupotea kama asilimia 4. Friji hupunguza kasi hiyo sana, nami lazima niseme ukweli kwamba katika jagi langu mwizi mkubwa alikuwa tope la chini, si uchachu wa pasheni. Lakini usijifariji haraka. Nilikuwa najaza chupa asubuhi, naibeba katika matatu ya Thika Road, inakaa juu ya meza ya kazi hadi saa kumi na moja jioni ndipo naifungua katika jimu, kwa hiyo hata zile gramu 2.4 sikuzipata zote. Ukiliacha jagi la ndimu mezani badala ya friji, unga utayeyuka zaidi na papo hapo utaharibika zaidi. Ukilirudisha kwenye friji, utaharibika polepole lakini hautayeyuka wote. Huna pa kukimbilia ukiwa na jagi. Unga mkavu kwenye kopo lililofungwa, kwa upande mwingine, hustahimili hata joto la nyuzi 40 kwa miezi bila kupungua nguvu, ndiyo maana hakuna sababu yoyote ya kuuyeyusha mapema.

Kanuni yangu ni hii moja, na kila anayefanya mazoezi nami amekwishachoka kuisikia: yeyusha unachokunywa sasa, kinywe sasa. Pima gramu 5 kwa kijiko kilichomo kwenye kopo, tia katika kikombe cha chai ambayo tayari imeshamiminwa, koroga hadi usione chembe wala usizisikie zikikwaruza sehemu ya chini ya kikombe, kisha unywe kabla haijapoa. Chai ikipoa kabisa baadhi ya unga huweza kurudi kuwa chembe chini. Hapo haijaharibika, ongeza maji kidogo ya moto, zungusha, umalize. Usiutie kwenye sufuria chai ikiwa bado inatokota jikoni, wala usiutie kwenye themosi ya kubeba kutwa, kwa kuwa themosi hulishika joto kwa saa nyingi na hapo unakuwa umelirudisha lile suala la muda kwa mlango wa nyuma. Jirani yangu hufanya hivyo kwenye dawa yake ya tangawizi, ndimu na asali, yaani moto, chachu na kutwa nzima kwa pamoja, halafu ananiuliza mbona mimi naongeza uzani kwenye chuma na yeye haongezi.

Na usidanganywe kwa ushahidi wa macho kama nilivyodanganywa mimi. Muuzaji akikuonyesha unga umetulia chini ya glasi na kukuambia kwamba huo ndio ulio hai, mwombe amimine maji ya moto juu yake, kisha mwulize yale maji angavu aliyoyapata yana nini ndani.

Kama jagi tayari liko kwenye friji yako, usilimwage. Mimina kinywaji cha juu kwenye chombo kingine bila kulitikisa na ukimalize leo na kesho. Ule utando mweupe wa chini uchote kwa kijiko, ugawe katika vikombe vya chai ya moto vya siku zilizobaki, ukianza na cha leo jioni, kwa sababu sehemu ambayo haijayeyuka ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko yote iliyomo humo.