Vipande 700 au vipande 220: namna ya kusoma wasifu wa fundi cherehani

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchambua maombi ya kazi, katika kiwanda cha nguo za kazi hapa Lubumbashi, nilipewa rundo la karatasi na tangazo moja. Tulitafuta washonaji wa mstari wa salopeti, zile ovaroli za kipande kimoja wanazovaa watu wa migodini. Karatasi mbili zilinivutia. Moja ilisema: "Nashona vipande 700 kwa siku." Nyingine: "Nashona vipande 220 kwa siku." Ya kwanza nikaiweka juu ya rundo, ya pili nikaizika chini. Mama mkuu wa karakana, ambaye mwenyewe alianzia kwenye cherehani, aliichukua ile ya juu akaniuliza swali moja tu: "Vipande vya nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, basi tukawaita wote wawili. Wa 700 alikuwa anabandika lebo ya ukosi. Wa 220 alikuwa anashona mfuko wa kifuani pamoja na kifuniko chake. Kwetu lebo ile imepimwa sekunde 24, na mfuko ule sekunde 90. Zidisha: lebo 700 ni dakika 280 za kazi, mifuko 220 ni dakika 330. Wote walikaa kwenye mashine dakika 480, yaani saa 8. Wa lebo ana asilimia 58, wa mfuko ana asilimia 69. Mimi nilikuwa nimezika aliye bora.

Hesabu hiyo wewe unayeanza kazi hii utaifanya kila wiki: idadi ya vipande, mara dakika za kipimo za kipande kimoja, gawanya kwa dakika alizokaa kazini, mara 100. Ndiyo inayoitwa ufanisi kwenye tangazo, au randimani kama tunavyosema sisi. Dakika za kipimo hupatikana kwa kumpima mshonaji mzoefu kwa saa ya kuhesabia sekunde, kisha kuongeza nafasi ya uchovu, uzi kukatika na kubadilisha bobini. Hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo usichukue za jirani. Omba karatasi ya vipimo ya kwenu kabla hujafungua wasifu hata mmoja.

Hao wawili walikuwa watu wa kiwandani, na kuwahesabu ni rahisi. Wengi watakaokuletea karatasi hapa ni mafundi wa mtaani, wa vitongoji vya mji wetu kama Katuba, Kenya na Ruashi, wenye cherehani moja kwenye baraza. Wao hawahesabu mifuko, wanahesabu nguo nzima. Hapo ndipo wachambuzi wapya huwakata watu wazuri bila kujua.

Chukua karatasi ya fundi mmoja wa Katuba niliyoisoma baadaye. Iliandika mistari minne tu: fundi miaka 9, mashine zote, kukata na kutengeneza patroni, salopeti 3 kwa siku. Tangazo letu lilitaka mtu wa mashine ya sindano moja na ya sindano mbili, ovaloki ya nyuzi 5, mashine ya mkono, na ufanisi wa asilimia 60.

Salopeti yetu, kuishona tu kwa mashine bila kukata wala kupiga pasi, ilikuwa na kipimo cha dakika 40. Tatu ni dakika 120. Fundi anafanya kazi saa 10 kwa siku, dakika 600. Ukigawanya harakaharaka unapata asilimia 20, unatupa karatasi. Lakini namba yake ina kazi nyingine ndani, na hiyo huioni mpaka umuulize. Nilimpigia simu.

"Papa, siku yako inaanza saa ngapi?"

"Saa moja, mpaka saa kumi na moja."

"Na kukata?"

"Kupima, kuchora na kukata, kila moja inanila kama dakika 50. Vifungo nashona kwa mkono, halafu pasi ya makaa. Wateja nao hawaishi."

Tuliandika pamoja. Kukata salopeti 3, dakika 150. Vifungo na pasi, 60. Wateja, 60. Umeme ukikatika anahamia cherehani ya miguu, na kuhama huko pamoja na kusubiri alikukadiria dakika 90 kwa siku ya kawaida. Zilibaki dakika 240 za kukaa na kushona. Sasa 120 kwa 240 ni asilimia 50. Bado iko chini ya 60, ila si 20 tena. Na hata hiyo 50 inampunja kidogo, kwa sababu mishono miwili ya sambamba sisi tunaipita mara moja kwa sindano mbili, yeye anaipita mara mbili kwa sindano moja. Makadirio yake mwenyewe usiyachukue kama kipimo. Yanakuambia tu kama inafaa kumwita aje ajaribiwe. Huyu alifaa.

Mstari wa mashine ndio unaodanganya kuliko yote, mara nyingi bila nia mbaya. "Mashine zote" kwa fundi wa mtaani maana yake ni zote alizoziona. Anayesema anajua ovaloki huenda anajua ndogo ya nyuzi 3, inayozuia ukingo usifumuke tu. Ya nyuzi 5 hufanya kazi mbili kwa pamoja: nyuzi 3 zinafunga ukingo, na nyuzi 2 zinaweka mshono wa mnyororo kando yake unaounganisha vitambaa. Kwa hiyo usiulize "unajua ovaloki?" Uliza ina nyuzi ngapi, na ukifika mwisho wa kitambaa unafanyaje. Aliyekaa nayo atakuambia unaiacha ishone hewani kidogo, itoe mkia wa uzi.

Mashine ya mkono nayo ilinichanganya mimi mwenyewe. Kwa Kiswahili cha kila mtu, cherehani ya mkono ni ile ya kuzungusha gurudumu kwa mkono. Kiwandani kwetu ni nyingine kabisa, tumetafsiri Kifaransa kilichoandikwa kwenye orodha ya mitambo: meza yake ni kama bomba lililochomoza, na mguu wa suruali unavikwa juu yake kama soksi ili kushona ule mshono uliokunjwa mara mbili wa ndani ya paja. Watu watatu mwaka ule waliandika "mashine ya mkono", na wote watatu walimaanisha ya kuzungusha. Wala hawakusema uongo.

Kuna swali la kutenganisha haraka. Muulize, kwenye mashine hiyo, bobini inaisha baada ya vipande vingapi. Aliyeitumia atashangaa, kwa sababu inashona mnyororo na haina bobini. Uzi wa chini unatoka kwenye koni kupitia ndoano. Fundi wetu wa Katuba alijibu kwa utulivu kabisa: "Kama salopeti 2." Nikaandika pembeni: mkono, hapana. Sikumfuta. Kumfundisha mashine mpya mtu anayejua kuongoza kitambaa kizito si kazi ya kutisha.

Sasa patroni, na hapa nasema karatasi ya kukatia kitambaa, si bosi. Angalia kwanza kama tangazo linaitaka. Mshonaji wa mstari anapokea vipande vilivyokwisha kukatwa, kwa hiyo ustadi wa patroni haumwongezei alama hata moja kwenye nafasi hiyo, na wachambuzi wengi wanaupa uzito kwa sababu unasomeka vizuri. Lakini kama tangazo ni la mtengeneza sampuli, mambo yanageuka, na "kutengeneza patroni" peke yake haitoshi. Fundi wa mtaani anachora moja kwa moja juu ya kitambaa kwa mwili wa mteja mmoja. Kiwanda kinataka patroni moja izae saizi 46 mpaka 60 bila mwili wowote kuwepo.

Swali langu la patroni ni moja. Saizi 50 ya kiume ni kifua cha sentimita 100, na 52 ni 104. Upande mmoja wa mbele unauongeza kiasi gani? Jibu ni sentimita 1, kwa sababu mzunguko wa kifua umegawanywa katika robo nne, mbili za mbele na mbili za nyuma. Anayejibu 4 atakuletea nguo iliyopanuka sentimita 16. Anayejibu 1 kisha akakuuliza kuhusu shimo la mkono na upana wa bega, huyo ameifanya kazi hiyo kweli. Kwenye wasifu, dalili nzuri ni majina ya programu kama Modaris au AccuMark, au sentensi inayotaja saizi alizozitoa, alama za vikato na mwelekeo wa uzi wa kitambaa. Fundi wetu alijibu 2. Nikaandika: patroni, mwili mmoja.

Jaribio lake tulimpa mifuko 10 ya kifuani, kwenye mashine ya sindano moja yenye mota. Minne ya kwanza sikuihesabu, na wewe usiihesabu. Mtu wa cherehani ya miguu amezoea kubembeleza kanyagio, kisigino na vidole kwa zamu. Kwenye mashine yetu vidole vinaendesha, kisigino kinakata uzi na kuinua mguu wa mashine. Kila alipobembeleza, uzi ulikatika katikati ya mfuko, naye akamtazama mama wa karakana kama mtoto aliyevunja sahani. Kwenye mfuko wa tano aliweka kisigino chake hewani, ukatoka mzima.

Mifuko 6 ya mwisho ilimchukua dakika 16, sekunde 160 kwa mmoja. Kipimo ni 90, kwa hiyo ni asilimia 56. Kabla ya kuiamini namba hiyo nilichukua rula nikahesabu mishono ndani ya sentimita 3, kwa sababu anayetaka kuonekana mwepesi anarefusha mshono. Kwetu inatakiwa 10. Yake ilikuwa 10 kwenye mifuko mitano, na 11 kwenye mmoja.

Kwenye wasifu wake, chini ya "mashine zote", niliandika kwa kalamu: sindano moja, tayari; sindano mbili, hajaishika; ovaloki nyuzi 3 ndiyo, 5 afundishwe; mkono, hapana; 56 siku ya kwanza. Mama wa karakana aliisoma, akaikunja, akamwonyesha mashine ya tatu dirishani, ya mifuko.