Chokoleti ya asilimia 4 inayowaangusha kila mwaka

Wadogo zangu mlioingia kitengo cha ubora juzi, majibu yenu ya majaribio kuhusu alejeni kwenye lebo, yaani vitu vinavyoleta aleji, nimeyasahihisha. Makosa ni yale yale ya waliowatangulia, utadhani mnarithishana. Tuyapitie kabla ya siku ya mtihani.

1. Kwanza tazama swali linataja sheria ya nani. Marekani ina alejeni kuu 9: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za miti kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya na simsim. Zilikuwa 8 chini ya sheria yao ya lebo za alejeni, FALCPA ya 2004. Simsim iliingizwa na sheria ya FASTER ya 2021, na wajibu wa kuiandika ukaanza tarehe 1 Januari 2023. Ulaya, kwa kanuni namba 1169/2011, wana 14. Ndiyo maana chaza na pweza ni jibu sahihi kwa Ulaya na kosa kwa Marekani. Najua aliyekulia Gulu au Lira akila odi, rojo la karanga na simsim, hushangaa kusikia simsim ikihesabiwa na hatari, lakini mtihani haukuulizi ulilelewa na nini.

2. Hapa ndipo mnapoanguka kwa pamoja, kwa hiyo tukae kidogo. Swali ni hili. Kiwanda cha Kampala kinapeleka biskuti Marekani. Fomula ina unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, odi 12% na vipande vya chokoleti 4%. Odi ni karanga na simsim. Chokoleti ina sukari, kakao, maziwa ya unga na lesithini ya soya. Lebo imeandika chini ya viambato: "Ina: ngano, karanga." Kimekosekana nini?

(a) Hakuna
(b) Simsim
(c) Simsim na maziwa
(d) Simsim, maziwa na soya

Wengi mmechagua (b), na sababu yenu naijua: mmekariri kanuni ya 5%. Kwenye Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kiambato mchanganyiko kisichofika 5% ya chakula hakilazimiki kufunguliwa kuonyesha kilichomo. Chokoleti ni 4%, basi mkaifunga na maziwa yake ndani. Lakini Codex hiyo hiyo inasema alejeni zilizoorodheshwa zitatajwa siku zote, hata zikiwa ndani ya kiambato cha 4% au 0.4%. Kanuni ile iliwekwa kufupisha orodha, haikuwekwa kumficha mtu mwenye aleji kitakachomfungia koo. Na juu ya yote, swali ni la Marekani, ambako msamaha huo wa 5% haupo kabisa. Mmeibeba kanuni ya nyumba moja mkaenda kuitumia kwa jirani, na hata nyumbani kwake mmeisoma nusu.

Waliochagua (c) wameikosa soya kwa kudhani lesithini ni kiungo cha kusaidia tu. Mafuta ya soya yaliyosafishwa sana ndiyo yaliyosamehewa Marekani; lesithini haimo katika msamaha huo. Jibu ni (d).

Sasa kurekebisha lebo. Kuna njia mbili: kutaja chanzo kwenye mabano ndani ya orodha ya viambato, kama "lesithini (soya)", au kuweka kauli ya "Ina" mara tu baada ya orodha au kando yake, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile za orodha. Ukishaweka kauli ya "Ina", itaje zote. Huwezi kutaja mbili ukamwachia mnunuzi azitafute tatu. Hapa itakuwa: "Ina: ngano, karanga, simsim, maziwa, soya." Na odi lazima ifunguliwe kwenye orodha, kwani ofisa wa forodha wa kule jina hilo halimwambii kitu.

Angalizo kwa swali la Codex: marekebisho ya 2024 yaliingiza simsim kwenye orodha ya lazima kwa wote, na soya ikahamia orodha ambayo kila nchi huamua yenyewe. Tazameni mwaka wa toleo.

3. Mengine ni ya haraka. Karanga ni jamii ya kunde, si njugu ya mti. Kutovumilia laktosi si aleji ya maziwa. "Huenda ikawa na" haichukui nafasi ya "Ina", wala ya kusafisha mashine. Katika HACCP, mfumo wa kudhibiti hatari za chakula, alejeni huwekwa upande wa hatari za kikemikali, kwa hiyo msichague "kibiolojia" kwa sababu tu ni protini. Na swali la kusafisha laini baada ya kuzalisha biskuti za karanga: kitakasa huua vijidudu lakini hakiondoi protini, na kipimo cha ATP, kinachotafuta mabaki ya vitu hai kwa jumla, kikisoma safi hakijakuambia lolote kuhusu karanga. Chagueni jibu lenye kuosha kwa sabuni, kukagua kwa macho, kisha kupima protini ya karanga yenyewe, kwa mfano kwa ELISA, kipimo kinachonasa protini hiyo kwa kingamwili.