Usiseme obiti imefungwa kabla hujachora U_eff

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilipoteza swali zima la mekanika kwa sentensi moja: "Nishati ni chanya, kwa hiyo chembe haijafungwa." Nilikuwa nimekariri kanuni ya sayari, kwamba nishati hasi huifunga chembe isitoroke na nishati chanya huiachilia, nikaipeleka kwenye kani ambayo haikuwa ya mvutano wa sayari. Sasa nawasaidia wanafunzi wa mwaka ule ule, na kila muhula nakutana na sentensi ile ile. Ushauri wangu kwao ni huu: chora kwanza, hukumu baadaye.

Kani ya kati huvuta kuelekea kituo kimoja au husukuma kutoka kwacho, na ukubwa wake hutegemea umbali r peke yake. Kwa kuwa inapita katikati ya kituo, haiwezi kuongeza wala kupunguza mzunguko wa chembe kukizunguka kituo hicho. Ndiyo maana momenta ya mzunguko, L = m r² φ̇, ambapo m ni masi ya chembe na φ̇ ni kasi ya pembe yake, haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ukijua r, tayari unajua kasi ya kuzunguka. Basi nishati ya ule mzunguko huandikwa kwa r tu, na unaweza kuihamishia upande wa nishati tuli, U(r). Jumla ya hizo mbili ndiyo U_eff, na E ni nishati yote ya chembe:

E = ½ m ṙ² + U_eff(r)
U_eff(r) = L²/(2mr²) + U(r)

Mwendo wa pande mbili umegeuka mwendo wa mstari mmoja, wa kukaribia na kuondoka. Na kwa kuwa ½ m ṙ² haiwezi kuwa hasi, chembe huishi tu pale ambapo U_eff iko chini ya E au sawa nayo. Zinapolingana, chembe inasimama kukaribia au kuondoka, kisha inageuka. Chora U_eff, weka rula, piga mstari wa ulalo kwenye kimo cha E, halafu uulize: je, kutoka hapa chembe ilipo, kuna ukuta upande wa nje? Ukuta ukiwepo, imefungwa. Usipokuwepo, inaweza kwenda bila kikomo.

Kuna kosa moja linaloharibu mchoro kabla hujaanza. Wanaotumia njia ya Lagrange hupenda kuingiza φ̇ = L/(mr²) moja kwa moja ndani ya Lagrangian, yaani nishati ya mwendo ukitoa nishati tuli. Ukifanya hivyo, alama ya L²/(2mr²) hugeuka kuwa hasi. Pata kwanza milinganyo ya mwendo, ndipo uondoe φ̇, au anza na nishati kama nilivyofanya hapa. Kulitambua kosa ni rahisi: kwa mvutano wa kawaida, U_eff lazima ipande juu sana r inapokaribia sifuri, kwa sababu 1/r² hukua haraka kuliko 1/r. Mchoro wako ukizama pale karibu na kituo, rudi ukaangalie alama.

Tuanze na setilaiti ya Dunia. Kwa kila kilo moja, U = −GM/r, na GM ya Dunia ni karibu 398,600 km³/s². Setilaiti iko km 7,000 kutoka katikati ya Dunia, inakwenda km 9 kwa sekunde, sambamba na ardhi iliyo chini yake. Nishati yake ni 40.5 − 56.94, yaani −16.44 km²/s². Mbali sana U_eff hukaribia sifuri kutoka chini, kwa hiyo mstari wa −16.44 lazima uukate mchoro upande wa nje. Imefungwa. L kwa kila kilo ni 7,000 × 9 = 63,000 km²/s, na ukitatua E = U_eff unapata kuta mbili: r = 7,000 na r = 17,241. Setilaiti itakwenda na kurudi kati ya hizo.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Kasi ni ile ile, mahali ni pale pale, ila mwelekeo umeinuliwa nyuzi 30 juu ya ulalo. Nishati haijaguswa, kwa hiyo bado imefungwa. Lakini L imeshuka hadi karibu 54,560, ukuta wa ndani umesogea, na kuta mpya ni karibu 4,610 na 19,630. Nusukipenyo cha Dunia ni km 6,371. Setilaiti hii imefungwa kwa hesabu, lakini ikirudi inaingia ardhini. Katika mvutano wa 1/r, E ndiyo inayoamua kufungwa, na L inaamua utakaribia kiasi gani. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa na kuta zilizokaribiana sana, kama km 520 na 560 juu ya ardhi. Maana yake mstari wa E yake ulikuwa karibu kabisa na chini ya shimo la U_eff, ambako obiti huwa duara.

Swali lililoniangusha lilikuwa na U = −C/r⁴. Hapa 1/r⁴ ndiyo inayokua haraka kuliko 1/r², kwa hiyo picha inapinduka: karibu na kituo mchoro unazama, na katikati panasimama kilima badala ya shimo. Chukua m = 1, C = 1, L = 2, vipimo vyovyote:

U_eff = 2/r² − 1/r⁴

Kilele kiko r = 1 na kimo chake ni 1. Weka E = 0.5, nishati chanya. Mstari unakata kilima mara mbili, kwenye r = 0.765 na r = 1.848. Chembe iliyoanzia r = 3 inakuja, inagonga mteremko kwenye 1.848, inageuka na kwenda zake. Chembe iliyoanzia r = 0.5, yenye E ile ile na L ile ile, haiwezi kuvuka 0.765. Imefungwa ndani ya kilima ingawa nishati yake ni chanya. Kilichoamua ni mahali ilipoanzia, na hilo huwezi kuliona kwa kuangalia alama ya E peke yake. Sentensi yangu ya mtihani ilikuwa nusu ya jibu, tena nusu isiyokuwa na sababu.

Kani hii ipo kweli. Ayoni ikikaribia molekuli isiyo na chaji, huivuruga chaji zake kidogo, na mvutano unaotokea huwa na nishati ya −C/r⁴. Mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alilishughulikia jambo hili mwaka 1905. Ayoni inayotoka mbali kwa kasi v, ikilenga pembeni ya molekuli kwa umbali b, ina L = m v b. Ili iingie lazima E ipite kimo cha kilima, L⁴/(16 C m²). Weka L hiyo, na sharti linakuwa b⁴ < 4C/E. Ayoni ya polepole basi hunaswa kutoka mbali zaidi. Eneo la kunasa, πb², hupungua kadiri v inavyoongezeka, kwa uwiano wa 1/v hasa, na ukilizidisha na v ili kujua kunasa hutokea mara ngapi, v inafutika. Ndiyo maana ayoni na molekuli huweza kuungana hata kwenye mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota, yenye baridi ya kelvini 10 hivi. Karibu sana na molekuli sheria ya 1/r⁴ huvunjika na msukumano huanza, kwa hiyo usiufuate mchoro hadi r = 0; kilima chenyewe kiko mbali vya kutosha kutoathirika.