Mkaguzi wa kodi akirudi nyuma miaka saba

Chukua duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, Tanga. Barua ya kwanza ya TRA ilitaka hesabu za mwaka 2023 tu. Wiki chache baadaye, Agosti 2025, inakuja barua nyingine: ukaguzi sasa unaanzia mwaka 2017. Wengi hapa hukimbilia stoo kufukua maboksi. Kabla ya kugusa boksi, chukua kalenda.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi inampa Kamishna Mkuu miaka mitano ya kurekebisha makadirio uliyojifanyia mwenyewe kwa ritani. Watu hukosea mahali pa kuanzia kuhesabu. Hatuanzii Desemba 31, mwaka wa biashara unapoisha, bali tunaanzia kwenye ritani. Mwenye duka letu hufunga hesabu Desemba na huwasilisha ritani ya mwisho Juni 30, siku yenyewe ya mwisho. Kwa hiyo mwaka 2017 ritani yake ni ya Juni 30, 2018, na miaka mitano iliisha Juni 30, 2023. Mwaka 2018 ulifungwa Juni 30, 2024, na 2019 ukafungwa Juni 30, 2025. Barua ya Agosti 2025 imeukuta mlango wa miaka hiyo mitatu umeshafungwa. Siku ya barua hiyo, mwaka 2020 bado uko wazi, hadi Juni 30, 2026.

VAT ina kalenda yake, kwa sababu kila mwezi una ritani yake. Ritani ya Julai 2020 ilitakiwa Agosti 20, 2020, hivyo mwezi huo ulifungwa Agosti 20, 2025. Andika mwezi mmoja mmoja, usiuweke mwaka mzima kwenye fungu moja.

Halafu, kinachotakiwa kutoka ndani ya miaka mitano ni makadirio yaliyorekebishwa. Barua ya kuanza ukaguzi haisimamishi saa. Ndiyo maana mwaka 2020 utashughulikiwa kwa haraka kadiri Juni 2026 inavyokaribia, nawe uwe na karatasi zake tayari.

Hesabu hii yote inategemea ritani iliyowasilishwa, basi panga tarehe hizo kwenye jedwali, toa uthibitisho wa mapokezi wa kila mwaka na uuambatishe. Na ina mwanya mmoja mkubwa: kukiwa na udanganyifu, au uzembe wa makusudi au uliokithiri, miaka mitano haimlindi mtu. Kama kuna mauzo yaliyofichwa, usijifiche nyuma ya kalenda. Lakini kama hakuna, mwombe mkaguzi kwa maandishi ataje ni jambo gani, la mwaka gani, linalomfanya aone udanganyifu au uzembe huo. Kosa la kujumlisha si udanganyifu.

Barua ya kuomba ukaguzi upunguzwe iwe ukurasa mmoja, nayo ni ombi, maana mamlaka ya kudai taarifa ni mapana. Isiwe na malalamiko. Yatosha kuandika hivi: “Kwa miaka 2017, 2018 na 2019, muda wa kurekebisha makadirio umekwisha kwa tarehe zilizo kwenye jedwali. Tunaomba ukaguzi uwe wa 2020 hadi 2023. Kama ofisi inaona miaka ya nyuma bado iko wazi, tunaomba msingi wake kwa maandishi.” Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Wakati huohuo toa nyaraka za miaka iliyo wazi bila kuchelewa. Ukizizuia zote unaonekana unakimbia ukaguzi.

Kuna karatasi moja ya zamani ambayo mkaguzi anaweza kuidai kwa haki kabisa. Tuseme duka lilinunua Fuso mwaka 2018 na uchakavu wake bado unakatwa kwenye hesabu za 2021. Risiti ya Fuso ni ushahidi wa 2021, ingawa mwaka 2018 umefungwa. Hasara iliyobebwa kutoka 2019 ni vivyo hivyo. Toa risiti hiyo, na kwenye barua ya kuiambatisha andika kwamba ni kwa ajili ya mwaka 2021 pekee.

Pakitoka makadirio ya mwaka uliofungwa, barua za kubishana hazitoshi tena. Una siku 30 tangu yakufikie za kuwasilisha pingamizi, na muda kupita uwe sababu ya kwanza humo. Pingamizi huambatana na malipo: theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi usichokibishia, kipi ni kikubwa. Makadirio ya 2018 yakiwa shilingi milioni 12 na unayapinga yote, ni milioni 4. Kama huna, omba kwa maandishi upunguziwe au usamehewe malipo hayo, ukieleza sababu. Pingamizi likikataliwa, unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, na ile nakala yenye muhuri ndiyo utakayoiweka mezani.